Sura ya 6: Barua ya Kumwita Mtu kwenye Mahojiano

Kabla ya kumwandikia mwombaji, afisa wa uajiri huanza na jopo lake. Akiwauliza waombaji wanapatikana lini kabla hajajua meneja atakuwepo siku gani, atapata majibu yanayopishana, kisha atalazimika kuwarudia wote kwa kuomba radhi. Kwanza ratiba ya jopo, ndipo barua.

Tuchukue hoteli moja ya Watamu inayotafuta mpokezi wa wageni mwezi wa Juni, kabla ya wageni wa Julai kuanza kumiminika. Waombaji waliochujwa ni wanne: mmoja wa Malindi, mmoja wa Kilifi mjini, mmoja wa Ganze, na wa nne yuko kazini Maskati, mkataba wake unakaribia kwisha. Jopo lina watu watatu, nao wanapatikana Jumanne na Ijumaa.

Kila mwombaji atakaa dakika 45. Dakika 30 ni za maswali na 15 ni za zoezi la kumpokea mgeni aliyefika na chumba chake hakijawa tayari. Jopo nalo linahitaji robo saa ya kuandika alama kabla ya kumwita mwingine, kwa hivyo kila mtu anachukua saa nzima. Jumanne, kuanzia saa 3:00 asubuhi, nafasi nne zinaingia. Ijumaa ni tatu tu, kwa sababu kazi lazima ikome saa 6:00 ili wanaokwenda kuswali wawahi msikitini. Nafasi saba kwa watu wanne ni hiari ya kweli. Anayetoa saa moja pekee, kisha akauliza kama itafaa, hajampa mwombaji la kuchagua.

Barua yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

«Asante kwa ombi lako la kazi ya mpokezi wa wageni. Tunakualika kwenye mahojiano ya ana kwa ana hotelini, Watamu. Yatachukua dakika 45: dakika 30 za maswali na 15 za zoezi la mapokezi, ambalo halihitaji matayarisho. Jopo ni meneja wa rasilimali watu, msimamizi wa mapokezi na mhasibu mkuu. Nafasi ni Jumanne, 17 Juni, saa 3, 4, 5 au 6 (09:00, 10:00, 11:00, 12:00), na Ijumaa, 20 Juni, saa 3, 4 au 5 (09:00, 10:00, 11:00). Tafadhali tuandikie nafasi mbili zinazokufaa, ukianza na unayoipendelea, kabla ya Ijumaa, 13 Juni, saa 10:00 jioni (16:00). Ukihitaji msaada wowote wa kufika au kushiriki, tueleze. Hakuna malipo yoyote.»

Saa zimeandikwa kwa njia mbili kwa makusudi. Barua nyingi za kazi pwani huja kwa Kiingereza, halafu mtu akapigiwa simu kwa Kiswahili. Akisikia saa tatu huku karatasi ina 3:00 bila neno asubuhi, anaweza kufika alasiri, jopo limeshaondoka.

Vyeo vya jopo navyo vina kazi. Mwombaji akiona mhasibu mkuu, anajua ataulizwa juu ya fedha za kaunta na kubadilisha sarafu, na atajiandaa kwa hilo. Tena vyeo hivyo ni kinga yake: anaweza kupiga simu ya hoteli na kuuliza kama mahojiano hayo yapo. Matapeli huwa hawataji jopo wala muda, ila hutaja nambari ya kutuma pesa.

Orodha ya vyeti vya polisi na vya kodi haimo katika barua. Sheria ya Ajira ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti vya namna hiyo ila anapokusudia kumpa mtu mkataba.

Sasa majibu. Wa Ganze hawezi saa 3: ateremke hadi Kilifi, apande matatu ya Malindi, ashuke Gede, kisha atafute tuktuk ya Watamu. Jibu zuri kutoka kwake ni hili: «Nathibitisha kuhudhuria. Chaguo la kwanza ni Jumanne saa 5 (11:00), la pili ni Ijumaa saa 5 (11:00). Natoka Ganze, saa za mapema zitaniwia vigumu.» Sentensi ya mwisho haimpunguzii alama, inamwezesha afisa kuwapa wa Malindi na wa Kilifi mjini zile nafasi za mapema. Akijibu «siku yoyote ni sawa», atapangiwa saa 3.

Aliye Maskati anapewa mahojiano ya video, na barua yake inabadilika. Maskati iko saa moja mbele ya Kenya, basi nafasi ya 09:00 iandikwe pamoja na 10:00 ya huko. Zoezi la mapokezi atalifanya kwa kuzungumza na msimamizi aliyejifanya mgeni, na ni haki wengine watatu nao wafanyiwe hivyo hivyo, bila kaunta halisi, ili alama zilingane.

Tarehe ya kujibu ikipita na mmoja yuko kimya, afisa apige simu kabla ya kugawa nafasi. Ganze kuna sehemu ambazo mtandao hukatika, na barua pepe hukaa siku nzima bila kusomwa. Baada ya hapo kila mmoja hupata ujumbe wa pili wenye siku moja, saa moja, na nambari ya mtu wa kupigia akichelewa njiani.