Kasi ndiyo inayoua makali

Mtu akisimama mbele ya kerezo, ile mashine ambayo karakana nyingi huiita lethi, kuna mambo matatu anayoyaamua kabla kisu hakijagusa chuma. La kwanza ni kasi ya kukata, yaani mita ngapi za uso wa chuma zinapita mbele ya kisu kwa dakika. La pili ni fidi, yaani kisu kinasogea milimita ngapi kila chuma kinapozunguka mara moja. La tatu ni kina, unene wa ganda linaloondolewa. Kazi ikichelewa, mkono wa fundi hukimbilia gia ya mizunguko kwanza. Huko ndiko dakika hununuliwa kwa bei ghali kuliko kwingine kote.

Tuchukue shafti ya mashine ya kusaga nafaka. Chuma ghafi kina kipenyo cha milimita 55 na kinatakiwa kifike 50, kwa urefu wa milimita 400. Ni chuma cha kaboni ya wastani, kile ambacho vitabu vya Ulaya hukiita C45, na hakijaungwa wala kufanywa kigumu kwa moto. Kisu ni cha kabaidi, kile kipande kidogo chenye pembe kinachofungwa kwa skrubu kwenye mkono wa chuma. Kwa kipande cha namna hii, mita 150 kwa dakika ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa kasi hiyo tukadirie kwamba makali yatadumu dakika 15 za kukata.

Mashine haisomi mita, inasoma mizunguko. Hesabu yake ni hii:

N = 1000 × V ÷ (3.14 × D)

V ni mita kwa dakika na D ni kipenyo kwa milimita. Tukiweka 150 na 55 tunapata kama mizunguko 870 kwa dakika. Gia za kerezo letu, tuseme, zina 800 na 1000, hakuna kati yake. Fundi mwenye haraka atachukua 1000. Kabla hajafanya hivyo, tuangalie itamgharimu nini.

Aliyelipima jambo hili kwa kina ni Mmarekani Frederick Taylor. Alianza majaribio mwaka 1880 katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, na matokeo aliyatangaza mwaka 1906, baada ya yeye na wenzake kugeuza zaidi ya tani 360 za chuma kuwa maranda. Aligundua kwamba kasi na maisha ya makali vimefungwa pamoja kwa kanuni moja, VTⁿ = C. T ni dakika ambazo makali yanadumu, C ni namba ya chuma na kisu husika, na n hutegemea zaidi kisu kimetengenezwa kwa nini. Kwa kabaidi n huwa karibu 0.25. Maana yake ni kwamba kasi ikipanda, maisha hushuka kwa kipeo cha nne cha ongezeko hilo. Kwa visu vya haispidi n huwa karibu 0.125, yaani kipeo cha nane, na hapo asilimia 10 tu ya kasi ya ziada inatosha kukata maisha ya makali hadi chini ya nusu.

Turudi kwenye shafti. Kwa mizunguko 800, kasi halisi ni mita 138, na makali yatadumu kama dakika 21. Tukikata kina cha milimita 2 kwa fidi ya 0.25, kisu kinasafiri milimita 200 kwa dakika na kumaliza urefu wote kwa dakika 2. Makali hayo yatatoa shafti kama 10. Kwa mizunguko 1000, kila shafti itachukua dakika 1.6, lakini makali yatadumu dakika 8 na nusu tu, sawa na shafti 5. Fundi ameokoa sekunde 24 kwa kila shafti, na amepoteza nusu ya kipande. Akithubutu 1600, makali yatabakiwa na dakika moja na kidogo, na shafti ya pili haitafika mwisho.

Kina hakiadhibu hivyo. Ukiongeza kina, urefu wa makali unaofanya kazi unaongezeka pia, kwa hiyo mzigo na joto vinagawanyika, na maisha hushuka kidogo tu. Fidi iko katikati: inanenepesha randa na kubana sehemu ileile ya makali, lakini bado adhabu yake ni ndogo kuliko ya kasi. Ndiyo maana utaratibu wa kuchagua huanza na kina, ukafuata fidi, na kasi ikaja mwisho. Kuna mafundi wanaoondoa milimita 2 hizo kwa mikato minne ya nusu milimita, fidi 0.12, wakiamini wanakihurumia kisu. Ni kweli makali yatadumu zaidi, lakini mkato mmoja wa dakika 2 umegeuka karibu dakika 17, na randa jembamba hivyo halikatiki: linatoka kama uzi mrefu na kujizungusha kwenye kazi. Uzi huo hukata vidole, wala hautolewi kwa mkono mashine ikizunguka.

Kikomo cha kina huwekwa na mota na uimara wa mashine. Mkato wetu unasukuma kisu kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 100, na unahitaji takriban kilowati 2.3 kwenye ncha, hivyo mota ya kilowati 3. Kerezo lenye mota ya 2.2 litagugumia. Hapo punguza kina hadi 1.2 au 1.3 na uache fidi na kasi zilivyo. Mashine ikitetemeka na kuimba, huo nao ni mpaka, kwa sababu kabaidi huvumilia joto kuliko mtikisiko.

Mkato wa kwanza umetufikisha 51. Nusu milimita iliyobaki kila upande ni ya kumalizia, na hapa fidi ndiyo inayotawala, kwa kuwa ndiyo inayochora mifereji juu ya uso. Kina cha mfereji ni fidi mara fidi, ukigawa kwa mara 8 ya nusu kipenyo cha ncha. Kwa ncha ya 0.8, fidi ya 0.25 huacha mifereji ya karibu maikroni 10, na fidi ya 0.1 huacha 1.6. Kina hiki kidogo hakiulemei sana mota, basi sasa unaweza kuchukua ile gia ya 1000, kwa pembe mpya ya kipande. Ila usiache ganda la mia tano za milimita tu kwa ajili ya kumalizia: ncha haitakata, itasugua, na msuguano huo huimaliza mapema.

Makali yanayokwisha hujionyesha. Ubavu wa ncha, chini ya makali, hupata mstari unaong'aa, na mstari huo ukifika upana wa milimita 0.3 ni wakati wa kugeuza pembe. Kabla ya hapo maikromita itakuambia, maana shafti zitaanza kunenepa ingawa hujagusa kitu. Ukiona mstari huo unakua haraka na kwa usawa, shusha kasi. Lakini kama uso wa kazi umechanika na kuna vipande vya chuma vimeganda juu ya ncha, kasi ni ndogo mno, na kuishusha zaidi kutaharibu zaidi: vipande hivyo vikibanduka huondoka na kabaidi yenyewe. Makali yakimeguka ghafla badala ya kulika, tafuta mtikisiko, kisu kilichotoka nje mno ya kishikio, au njia ya ufunguo inayogonga kila mzunguko.

Shafti iliyojazwa kwa kulehemu, ambayo ndiyo kazi ya kila siku katika karakana nyingi za matengenezo, haifuati hesabu yetu ya dakika 21. Uso wake una mabonde, taka ngumu, na sehemu zilizopoa haraka hadi zikawa ngumu kuliko chuma cha asili. Anza na nusu ya kasi ile, na mkato wa kwanza uende chini ya ganda lote, ili ncha isafiri ndani ya chuma safi badala ya kusugua juu ya taka.