Mashine Husikia Nani, Nani Humpotea

Mwaka 2020 Allison Koenecke na wenzake, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliijaribu mifumo mitano ya kutambua usemi: ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Walichukua mahojiano ya Wamarekani Weusi 73 na Weupe 42, jumla yapata saa 20 za sauti, wakaipa kila mashine rekodi hizo izigeuze kuwa maandishi. Kwa wastani, katika kila maneno 100 mashine zilikosea 19 kwa wazungumzaji Weupe na 35 kwa Weusi.

Takwimu hiyo imezunguka sana tangu hapo. Ila kazi iliyofanywa kabla ya kuipata haisimuliwi mara nyingi, na ndiyo inayomhusu yeyote anayetaka kujua kama mashine inayodai kuelewa Kiswahili inamwelewa bibi wa Lamu sawasawa na kijana wa Dodoma.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mtu amesema: «Jana nilimpeleka mama hospitali ya wilaya.» Mashine imeandika: «Jana nilipeleka mama hospitali wilaya.» Tunayalinganisha maandishi ya mashine na yale ya mnukuzi, yaani mtu aliyesikiliza rekodi na kuandika kilichosemwa. Neno moja limebadilishwa na jingine limedondoshwa. Kama mashine ingeongeza neno lisilosemwa, hilo nalo lingekuwa kosa. Makosa mawili tunayagawa kwa maneno sita ya mnukuzi: asilimia 33. Ukijumlisha makosa yote ya kundi fulani na kuyagawa kwa maneno yote ya kundi hilo, umepata kiwango chake cha makosa. Pengo ni tofauti ya viwango vya makundi mawili.

Hesabu ni ya darasa la sita. Ugumu uko kwa mnukuzi. Mama wa Mombasa anasema: «Mwambie Fatuma apite ndia ya tini.» Mashine iliyolelewa na Kiswahili sanifu inaandika «njia ya chini». Ikiwa mnukuzi ameandika kama alivyosikia, mashine imekosa maneno mawili kati ya sita. Ikiwa naye amesanifisha, mashine haina kosa hata moja. Sauti ni ileile na mashine ni ileile, lakini pengo la Kimvita linaonekana au kutoweka kwa uamuzi wa mtu aliyekaa na vipokea sauti masikioni. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetamka «samani» akikusudia thamani, au anayebadilishana r na l.

Kwa maoni yangu, njia ya haki ni kuandika kama ilivyosemwa, kisha kuweka orodha ya jozi zinazokubalika, ili mashine isiadhibiwe ikiandika ndia wala ikiandika njia. Ikiandika «dunia ya tini», hapo imekosea na ihesabiwe hivyo. La msingi ni kwamba kanuni hiyo iandikwe kabla ya kuona matokeo, na wanukuzi wa makundi yote waifuate hiyohiyo. Wanukuzi wa Tanga wakinukuu rekodi za Tanga na wa Nairobi za Nairobi, kila upande kwa mazoea yake, mtakuwa mmepima wanukuzi.

Jambo la pili ni kulinganisha vinavyolingana. Vijana wengi hurekodiwa chumbani kwa simu nzuri; wazee hurekodiwa ukumbini, jogoo akiwika na upepo ukipuliza. Ukikuta wazee wana makosa mengi zaidi, hujui umepima umri au umepima jogoo. Kundi la Koenecke lililiona hilo. Kabla ya kulinganisha, walioanisha vipande vya sauti vya Weusi na vya Weupe kwa umri na jinsia ya msemaji na kwa urefu wa kipande, ili tofauti itakayobaki isielezeke kirahisi kwa mambo hayo.

Jinsia inahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu pengo lake halina upande mmoja. Rachael Tatman alipoyachunguza maandishi ya YouTube yanayojitokeza yenyewe chini ya video, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2017, aliona wanawake wakikosewa zaidi ya wanaume. Katika utafiti wa Koenecke mambo yaligeuka: wanaume Weusi walikosewa maneno 41 kwa 100, wanawake Weusi 30. Kwa hiyo kusema tu kwamba mashine hazisikii sauti nyembamba hakutoshi. Inabidi jinsia na lafudhi zitazamwe pamoja, maana wastani wa wanawake wote unaweza kumficha mwanamke wa lafudhi moja anayekosewa kila mara.

Lakini ukikata makundi hivyo, yanakuwa madogo, na hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Chukua mfano wa kubuni. Tuna vijana 40 wenye wastani wa makosa wa asilimia 20. Tuna wazee 8, kila mmoja na sentensi 100 za urefu uleule. Saba kati yao wana asilimia 20 kamili; wa nane, aliyepoteza meno ya mbele, ana 68. Wastani wa wazee ni asilimia 26. Mtu ataandika kwa furaha kwamba pengo la umri ni pointi sita, tena limethibitishwa na sentensi 800. Sentensi ni 800 kweli, lakini watu ni wanane, na pengo lote ni la mmoja wao.

Dawa ni kupiga kura kwa watu, si kwa sentensi. Kompyuta inachagua wazee wanane kutoka kwenye wale wanane, ikiruhusu mmoja kutokea mara mbili au asitokee kabisa, kisha inakokotoa pengo upya. Inarudia maelfu ya mara. Katika mfano wetu, mzee yule hatatokea karibu theluthi moja ya mara hizo, na pengo litakuwa sifuri. Mwenye kuona hivyo hatangaziwi kwamba pengo halipo. Anajua tu kwamba ni lazima arudi kutafuta wazee zaidi, wakiwemo wenye mapengo mdomoni, maana nao ni wazee.

Wastani pia huficha walioachwa kabisa. Katika utafiti ule wa Marekani, zaidi ya asilimia 20 ya vipande vya Weusi vilikosewa nusu ya maneno au zaidi, wakati kwa Weupe havikufika asilimia 2. Hapo mtu hasahihishi maneno mawili matatu. Anafuta na kuandika upya.

Pengo likithibitika, swali ni linatoka wapi. Watafiti walitafuta maneno yaleyale yaliyotamkwa na watu wa makundi yote mawili, wakakuta pengo bado lipo. Maneno yakiwa yaleyale, lawama haiwezi kuwa ya msamiati wala sarufi. Mashine haikuzoea matamshi. Kwetu jaribio hilo ni rahisi kuandaa kwa rekodi za mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambamo watu wa kujitolea husoma sentensi za Kiswahili kwenye skrini na, wakipenda, hutaja umri, jinsia na lafudhi yao. Wengine hawataji, nao hawaingii kwenye kundi lolote. Bibi asiyejua kusoma hayumo kabisa. Kumpima yeye kunahitaji mtu wa kwenda kwake, kumwachia aeleze anavyopika bokoboko bila kumkatiza, kisha kukaa saa nyingi akinukuu maelezo hayo neno kwa neno.