Kamba Ikilegea Ghafla

Nina kovu jembamba kwenye kiganja cha kulia, limekatiza chini ya vidole kama mstari uliochorwa kwa rula. Nililipata nikiwa darasa la sita, katika mashindano ya kuvuta kamba kati ya mkondo wetu na mkondo B. Wenzangu walikuwa wamenong'onezana kwamba tukizidiwa, nahodha akikohoa, sote tuachie kwa pamoja. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari na habari hazikunifikia. Tulizidiwa, nahodha akakohoa, na kufumba na kufumbua nilikuwa peke yangu nimeshika kamba inayokimbia kuelekea upande wa pili. Ilipomaliza kupita mikononi mwangu ilikuwa imeondoka na ngozi.

Kule upande wa pili mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watoto wanane walianguka chali, mmoja juu ya mwingine. Wa nyuma kabisa, mwenzetu aliyetuzidi sote kwa mwili, alikuwa amefungwa kamba kiunoni ili awe nanga ya timu. Hakuweza kujinasua, akarudisha mkono nyuma kujikinga, akavunjika kifundo. Vicheko vilikatika.

Leo mimi ni mwalimu, na kila mwaka nasimamia mchezo huo huo. Nimejifunza kwamba ubaya wa kuvuta kamba haumo katika kuvuta. Watu wakiwa wamevutana sawasawa, mwili umeinama, kamba imekaza kama chuma, hakuna anayeumia. Watu huumia pale mvuto unapobadilika kwa sekunde moja: kamba inapoachiwa, inapokatika, inapoteleza mkononi, au upande mmoja unapobururwa tu kama mkokoteni. Ukizuia mabadiliko hayo ya ghafla, umemaliza sehemu kubwa ya kazi, na kazi hiyo huanzia kwenye mizani.

Wengi hudhani kamba huvutwa kwa mikono. Mikono hushika tu. Anayevuta ni mguu unaosukuma ardhi, na mguu hukamata ardhi kadiri mwili unavyoulemea. Ndiyo maana katika mashindano makubwa ya mchezo huu timu hupangwa kwa jumla ya kilo za wachezaji wake wanane, kama mabondia wanavyopangwa kwa uzito. Timu nyepesi ikikutanishwa na nzito, mara nyingi mchezo huisha kabla ya kuanza: wepesi wanaburutwa, wa mbele anaanguka kifudifudi, wa nyuma yake anamkanyaga.

Darasani sisi hugawana kwa kubishana, au manahodha wawili huchagua kwa zamu, wewe mmoja mimi mmoja. Inaonekana haki, lakini sivyo. Chukua mfano wa watoto kumi na wawili wenye kilo hizi, kuanzia mzito: 51, 46, 43, 41, 40, 38, 37, 35, 34, 33, 31 na 30. Nahodha wa kwanza akianza kila zamu na kuchukua mzito aliyebaki, atapata 51, 43, 40, 37, 34 na 31, jumla kilo 236. Mwenzake atabaki na 223. Tofauti ni kilo 13, kwa sababu yule wa kwanza alimzidi mwenzake kidogo katika kila zamu, na vile vidogo vikajumlika.

Mimi hugawa kwa mwendo wa nyoka. Mzito wa kwanza aende timu ya Simba, wa pili na wa tatu waende Chui, wa nne na wa tano Simba, wa sita na wa saba Chui, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho. Kwa watoto wale wale, Simba wanapata 51, 41, 40, 35, 34 na 30, jumla 231. Chui wanapata 46, 43, 38, 37, 33 na 31, jumla 228. Tofauti ni kilo tatu. Nikibadilishana mwenye 34 wa Simba na mwenye 33 wa Chui, timu zinakuwa 230 kwa 229, na hapo sina la kuongeza. Si lazima ufike huko. Kwa watoto wa umri huu, tofauti ya kilo nne au tano kwa timu nzima naiona inavumilika.

Mizani tunaiazima zahanati ya jirani asubuhi ya siku yenyewe. Watoto wanapimwa mmoja mmoja ofisini, bila viatu, na kilo naziandika mwenyewe. Sizisomi kwa sauti na daftari halikai mezani. Mtoto aliyetangazwa kuwa ana kilo 51 mbele ya darasa atabeba jina jipya hadi amalize shule. Kama mizani hakuna, wapange kwa kuwakadiria kwa macho, kisha waache wavutane mara moja kwa majaribio. Upande ukiondoka ndani ya sekunde tatu nne, badilisha wachezaji wawili ujaribu tena. Na wote wavae viatu au wote wawe pekupeku. Raba zenye meno upande mmoja na nyayo tupu upande mwingine huvuruga hesabu yote ya kilo.

Baada ya hapo nenda kaukague uwanja, na ukague kwa miguu yako, polepole. Tafuta majani makavu yaliyokatwa, juu ya udongo usioteleza. Sakafu ya saruji haifai hata kidogo, na majani yenye umande ni utelezi mtupu. Okota mawe, chupa na vijiti. Nyuma ya kila timu acha mita tano tupu zisizo na mtaro, goli, mti wala watazamaji, kwa sababu washindi hurudi kinyumenyume na hawana macho kisogoni. Watazamaji wakae pembeni, mbali na kamba, na kamwe wasisimame kwenye mstari wake.

Kati ya mtoto na mtoto acha kama mita moja, ili anayeanguka asimwangushe mwenziwe. Kati ya wachezaji wa mbele wa timu mbili acha mita nne. Ukiweka mikia miwili ya kamba ya mita mbili mbili, utaona kwamba watoto sita kwa sita wanahitaji kamba ya mita 20 hivi. Funga kitambaa chekundu katikati ya kamba, chora mstari wa chokaa chini yake, na mistari mingine miwili umbali wa mita mbili kila upande. Kitambaa kikifika kwenye mstari wa timu, timu hiyo imeshinda. Watu wazima huvutana mita nne, lakini kwa watoto mbili zinatosha, na mvutano ukizidi nusu dakika mimi hupuliza filimbi na kuita sare.

Kabla ya kamba kufunguliwa ninawafundisha kuanguka. Wanacheka, lakini wanafanya. Magoti yanakunjwa, matako yanatangulia kuelekea ubavuni, kidevu kinabanwa kifuani. Mkono haurudishwi nyuma, kwa maana ndio unaovunjika. Yule mwenzetu wa mkondo B angeyajua hayo, na asingefungwa kiunoni, huenda angeinuka akajifuta vumbi.

Kuhusu kufunga, sheria yangu ni moja: kamba haimzunguki mtu. Haizungushwi kiganjani, haifungwi kiunoni, haitiwi kitanzi wala fundo la kushikia. Hata wa nyuma huishika kwa mikono miwili kama wengine, mkia ukilala chini bila kujiviringa miguuni mwake. Katika mashindano ya watu wazima huyo wa nyuma huipitisha kamba chini ya kwapa na kuivusha bega la pili, ila bila fundo, na ni mtu aliyefundishwa. Darasani hilo halihitajiki.

Sasa malengelenge na michubuko. Kiganja hakiunguzwi na kushika kamba kwa nguvu. Kinaunguzwa na kamba kupita huku umeishika. Kwa hiyo nawaambia watoto mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza, timu haiachii kamba kamwe hadi filimbi. Wanaofanya ule mzaha wa kuachia kwa pamoja wameshindwa papo hapo na hawarudi uwanjani siku hiyo. La pili, wewe peke yako ukihisi kamba inakimbia mkononi, fungua viganja vyote viwili na utoke pembeni. Mmoja akiachia, wenzake watano bado wanaishikilia na hakuna anayerushwa. Usijaribu kuikamata tena ikiwa mwendoni. Hapo ndipo ngozi inapobaki kwenye kamba.

Mikono iwe mikavu, bila mafuta, na pete na saa zivuliwe. Ngozi ikiungua, iweke chini ya maji safi ya bomba kwa dakika 20, kisha ifunike kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta na unga wa ngano viache nyumbani. Lengelenge likiwa kubwa au ngozi ikiwa imetoka, mtoto apelekwe zahanati.

Imebaki kamba yenyewe, na hapa sina mzaha. Ile ya katani, nene kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto, yaani kipenyo cha sentimita tatu hivi, ndiyo nzuri. Ikiwa mpya huchoma kwa nyuzi zake, basi ivutwe na watu wazima mara kadhaa na kusuguliwa kwa gunia kuukuu hadi ilainike. Kila mara kabla ya mchezo, ipitishe mikononi yote na kuifunua hapa na pale. Ukiona nyuzi zilizokatika, doa jeusi la ukungu au mahali palipokonda, haifai tena. Ya nailoni hutanuka kama mpira, na ikikatika hurudi kama mjeledi. Ujerumani, mwezi Juni 1995, mamia ya skauti walivuta kamba ya nailoni ikakatika, na wavulana wawili wakafariki. Taipei, Oktoba 1997, watu zaidi ya 1,600 walivuta kamba moja. Ilipokatika, wanaume wawili waling'olewa mkono, na madaktari wakalazimika kuwaunganisha. Kote kuwili, kamba ilibebeshwa watu isioweza kuwahimili. Sita kwa sita, au nane kwa nane, na mwamuzi azuie mtazamaji yeyote anayerukia mkia kusaidia.

Siku yenyewe amri ni nne, na kati ya moja na nyingine napumua. "Shika": wanainua kamba. "Kaza": wanainama na kuondoa ulegevu, bila kuvuta. "Tulia": nasubiri kitambaa kisimame juu ya chokaa, hata kama ni sekunde kumi. "Vuta." Bila ile ya pili na ya tatu, mchezo huanza kwa mshtuko, na wa mbele huanguka kabla hajavuta. Wanavuta mara tatu, wakibadilishana pande kila mara, maana uwanja ulio sawa kabisa sijauona bado.

Na kama shule yako ina ile kamba ya manjano ya plastiki tu, inayotekea maji kisimani, mwalimu mwenzangu, siku hiyo wachezeshe mbio za kupokezana vijiti.