Pochi ya simu isizikwe na mwenyewe

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa Kigobe anayefuata vitenge Dar es Salaam akifariki leo, duka, gari na hata madeni yake yatajulikana msibani, na baraza la familia litakaa kugawa. Lakini dola za kidijitali, USDT, alizoweka kwenye pochi ya simu hazina meneja wa kupelekewa cheti cha kifo. Tena Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizo mwaka 2019, hivyo mjane asitegemee ofisi ya serikali kumsaidia.

Kinachofungua pochi hiyo ni maneno 12, mara nyingine 24, yanayotolewa siku inapoanzishwa. Simu ikitumbukia ziwani, maneno hayo yakiingizwa kwa mpangilio uleule kwenye simu nyingine, fedha zinarudi. Yakipotea, salio linabaki likionekana mtandaoni bila wa kuligusa.

Tatizo ni kwamba yeyote anayeyaona anaweza kuzihamisha fedha. Kwa hiyo hayaandikwi ndani ya wosia utakaosomwa mbele ya ukoo. Wengine humpa mke maneno sita na kaka sita. Karatasi moja ikiungua, ile ya pili haina kazi.

Baadhi ya pochi, hasa vile vifaa vidogo vinavyofanana na flashi, hukubali neno la ziada analochagua mwenyewe. Hapo maneno 12 yanaweza kukaa kwa dada Kigoma, na neno la ziada kwa mke Kigobe, kila moja likiwa na nakala mahali pengine. Hakuna anayeweza kufungua peke yake. Ila herufi moja ikikosewa, pochi haisemi kuna kosa. Inafungua pochi nyingine, tupu. Familia isiyojua hilo itadhani marehemu aliwadanganya.

Mmarekani Hal Finney, aliyepokea bitkoini kutoka kwa mwasisi wake Januari 2009, aliugua maradhi ya neva yaliyompoozesha. Mwaka 2013 aliandika kwamba bitkoini zake zilikuwa kwenye sanduku la benki, na kwamba mwanawe na binti yake walikuwa wajuzi wa teknolojia. Alifariki Agosti 2014. Alipanga mambo mawili: mahali, na mtu anayejua.

Huyo mtu afundishwe mapema. Mwenye mali afungue pochi mpya, aweke dola tano, aifute, kisha mkewe airudishe kwenye simu nyingine kwa kutumia karatasi tu. Anwani ikiwa ileile, maandishi ni sahihi. Halafu ajaribu kutuma. USDT ikiwa kwenye mtandao wa TRON, kwa kawaida haitoki bila TRX kidogo za nauli. Pochi yenye maelfu ya USDT na TRX sifuri hukwama hapo. Barua ya familia itaje mtandao huo kwa jina, na TRX chache ziachwe ndani.