Oveni kubwa Katoro: hela itarudi lini?

Wadau, tuseme una bekari Katoro, Geita, unataka oveni ya milioni 6. Usihesabu mikate itakayotoka, hesabu itakayonunuliwa. Mfano, mikate 100 ya ziada kwa siku, faida shilingi 300 kila mmoja ukishatoa unga na gesi. Kwa siku 25 za kazi ni 750,000. Toa mshahara wa kijana mpya, 250,000, inabaki 500,000. Hela inarudi kwa miezi 12.

Je, wachimbaji wadogo wakihamia rashi nyingine, ukauza 50 tu? Unapata 375,000, mshahara uko palepale, inabaki 125,000. Miezi 48! Mauzo nusu, kusubiri mara nne. Kwa hiyo kwanza waulize wenye maduka: mkate unawaishia saa ngapi?