Mhadhara Unapogeuzwa Fomu ya Mpango wa Uuguzi

Mhadhara wa mpango wa uuguzi hueleza hatua tano: kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kupima matokeo. Katika fomu kila hatua hupewa nafasi yake, lakini ugumu umo katika ya pili, ambapo wanafunzi wengi hunakili jina la ugonjwa alilolitaja daktari. Ndiyo maana fomu tupu huchapwa sentensi yenye mapengo:

Mgonjwa ana ______ kutokana na ______, dalili zikiwa ______.
Lengo: baada ya saa ______, ______.

Chukua mtoto wa miezi 14, mwenye kilo 10, anayeharisha. Tatizo hujazwa hivi: ana upungufu wa maji mwilini kutokana na kuharisha, dalili zikiwa macho yaliyozama na ngozi ya tumbo inayorudi polepole ikifinywa. Lengo: baada ya saa 4, dalili hizo ziwe zimetoweka. "Apate nafuu" halifai, kwani halipimiki.

Hatua: mama ampe maji ya chumvichumvi mililita 75 kwa kila kilo, yaani 750 kwa saa 4, kidogo kidogo kwa kikombe. Akitapika, asubiri dakika 10, kisha aendelee polepole zaidi. Kunyonya kusikatizwe.

Matokeo ya mfano yaandikwe kwa makusudi hivi: "Saa 4 zimepita, ametulia, lakini macho na ngozi bado. Lengo halijafikiwa, kiasi kile kirudiwe, na aanze kulishwa." Mfano uliofaulu huwazoesha wanafunzi kuandika "limefikiwa" kabla ya kumgusa mtoto.