Duka limezimwa na fundi: barua pepe ya radhi iandikweje?

Tuchukue duka la vitenge mtandaoni. Ijumaa jioni fundi wa kujitegemea anapandisha mabadiliko, na bila kuangalia anafunika faili la `.env` la seva kwa lile la kompyuta yake. Humo mna `DB_HOST=127.0.0.1`. Tovuti inatafuta hifadhidata pasipo na kitu, na wateja wanaona `500` tu.

Barua nyingi za radhi huanza na "kulitokea hitilafu ya kiufundi". Huko ni kukwepa. Mwenye duka anataka kusoma hivi: "Dada, duka lilizimika saa 12:10 hadi 1:45 jioni. Nililizima mimi, kwa kupandisha faili lisilo lake bila kulijaribu kwanza. Sasa linafanya kazi."

Kinachosahaulika ni fedha. Mteja aliyeingiza namba ya siri ya M-Pesa sekunde chache kabla ya kuzimika amekatwa pesa, lakini taarifa ya malipo ilipofika, tovuti haikuweza kuiandika. Oda haipo, pesa ipo. Kwa hiyo fundi alinganishe taarifa ya malipo ya saa hizo na orodha ya oda, kisha aambatanishe namba za miamala iliyobaki bila oda, ili dada awapigie wateja wenyewe kabla hawajalalamika.

Fidia ni makubaliano yao. Ila saa za kurekebisha kosa hilo zisionekane kwenye ankara.